Mashine ikumbushe tarehe, deni libaki kwa mhazini

Katika makundi mengi ya WhatsApp ya vikoba, mwezi huanza kwa orodha. Mhazini huandika majina yote kwa namba, la kwanza hadi la mwisho, na kila mchango unapoingia orodha ile hunakiliwa upya ikiwa na tiki mbele ya jina la aliyetuma. Ikifika tarehe ya mwisho, majina matatu au manne yanakuwa yamebaki bila tiki, na hakuna haja ya mtu kusema neno, maana kila mmoja ameona. Sasa vikundi vingi vina kijana mmoja anayejua kutengeneza jedwali la mtandaoni na kuliunganisha na huduma ya kutuma ujumbe, na pendekezo linalokuja kikaoni ni kwamba kazi hii yote ifanywe na mfumo: ukumbushe, uhesabu, ubandike orodha, utaje waliochelewa. Ninaunga mkono nusu ya pendekezo hilo. Ujumbe wa kukumbusha mchango unapaswa kujituma wenyewe, tena mapema iwezekanavyo. Ila mfumo uishie kwenye tarehe na kiasi. Habari ya nani hajalipa isipite kamwe kwenye kundi, na baada ya tarehe ya mwisho mfumo unyamaze, mtu aanze kuzungumza na mtu.

Tuanze na swali la kwa nini mfumo uhitajike kabisa. Kikundi cha watu kumi na wanane si benki. Kuandika ujumbe mmoja na kuubandika kwenye kundi hakumalizi dakika tano, na anayedai kwamba mfumo unaokoa muda wa mhazini hajatazama vizuri kazi yenyewe. Uzito wake uko mahali pengine. Mhazini ni mwanachama kama wengine, naye hulipa mchango uleule, na mwezi ambao mwenyewe amekwama ndio mwezi anaoona haya kuwakumbusha wenzake. Ukumbusho huchelewa siku mbili, tatu, na wale waliozoea kuusubiri huchelewa nao. Tena ukumbusho unaotoka kwa mtu hubeba harufu ya mtu: kwa nini ameandika leo, saa hii, muda mfupi baada ya fulani kuomba mkopo? Ujumbe unaotoka kila mwezi tarehe ileile, saa ileile, kwa maneno yaleyale, unamfikia mwenyekiti na mwanachama mpya kwa usawa, hata mhazini mwenyewe. Hapo ndipo faida ya mfumo ilipo. Unaondoa uamuzi wa lini kukumbusha mikononi mwa mtu ambaye uamuzi huo unamweka pabaya.

Kwamba ukumbusho wenyewe unafanya kazi si suala la imani. Watafiti Ximena Cadena na Antoinette Schoar walifanya jaribio Uganda, matokeo yakatoka mwaka 2011, kwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo. Wakopaji wengine waliahidiwa zawadi ya fedha wakilipa kwa wakati, wengine punguzo la riba la asilimia 25 katika mkopo unaofuata, na wengine hawakuahidiwa chochote: walipelekewa tu ujumbe mfupi wa simu kila mwezi kabla ya siku ya marejesho. Malipo ya kwa wakati yaliongezeka kwa kati ya asilimia 7 na 9, na ujumbe wa simu ukafanya kazi karibu sawa na zawadi na lile punguzo. Tafsiri yake kwa kikoba iko wazi. Sehemu ya ucheleweshaji tunaouita uzembe ni usahaulifu, au ni kwamba fedha ilikuwepo tarehe mosi lakini hakuna kilichomkumbusha mwenye nayo kuitenga kabla haijaondoka kwa ada ya shule na unga. Wakati huohuo tusiyakuze matokeo hayo. Ongezeko la asilimia 7 hadi 9 ni msaada, nalo halimgusi asiye na fedha kabisa. Huyo hata akipelekewa ujumbe mara kumi, mfukoni hamna.

Utafiti mwingine ndio unaobeba hoja yangu ya pili. Dean Karlan na wenzake walifanya majaribio na benki za Bolivia, Peru na Ufilipino, wakayachapisha mwaka 2016. Walishughulika na wateja waliokuwa wamefungua akaunti za akiba zenye lengo, na ujumbe wa kukumbusha uliongeza idadi ya waliotimiza ahadi yao. Mambo mawili katika matokeo hayo yanastahili kusomwa kwa sauti kikaoni. La kwanza ni kwamba ujumbe uliotaja lengo la kuweka akiba pamoja na faida ambayo mteja angepata ulifanya kazi zaidi, ilhali kubadilisha lugha kutoka ya matumaini kwenda ya hofu ya hasara hakukuleta tofauti. La pili ni kwamba ujumbe wa ziada uliotumwa baada ya mtu kuchelewa haukuonekana kuongeza kitu. Kwa maneno mengine, nguvu ya ukumbusho iko kabla ya tarehe. Mifumo mingi inayopendekezwa kwenye vikundi imepangwa kinyume: ujumbe mmoja mpole kabla, kisha tarehe 6, tarehe 7, tarehe 8, kila siku mkali kuliko jana. Nguvu yote inamwagwa mahali ambapo ushahidi unasema haina kazi.

Hebu tuchukue kikundi cha mfano tukipange mwanzo hadi mwisho. Wanachama ni 18, mchango ni shilingi 20,000 kwa mwezi, tarehe ya mwisho ni tarehe 5. Mwezi ukikamilika unaingiza 360,000. Fedha hutumwa kwa simu kwenye laini ya kikundi anayoishika mhazini. Kinachohitajika kwanza ni daftari la mhazini kuhamishiwa kwenye jedwali lenye safu sita tu: jina, namba ya simu, mwezi, kiasi kilichopokelewa, tarehe ya kupokelewa, na namba ya muamala ilivyo kwenye ujumbe wa mtandao wa simu. Safu ya mwisho ndiyo inayoudhi kuijaza, na ndiyo isiyopaswa kuachwa. Mara nyingi mwanachama hutuma kwa laini ya mumewe, au kupitia kwa wakala, na jina linalotokea kwenye ujumbe silo lililo kwenye orodha. Bila namba ya muamala, mabishano ya "nilituma" na "haijaingia" hayana mwisho. Jedwali hilo likikaa sawa kwa miezi miwili kwa kujazwa kwa mkono, ndipo ujumbe uunganishwe nalo. Kikundi ambacho mhazini wake hujaza daftari mara moja kwa wiki mbili hakiko tayari kwa mfumo wowote, kwa sababu mfumo utakuwa unasema habari za wiki mbili zilizopita kwa sauti ya leo.

Tarehe 2, saa moja jioni, ujumbe wa kwanza unatoka kwenda kwa wote kumi na wanane. Hapa kuna kosa dogo linalowapata wengi. Mitambo hii husoma saa kwa mfumo wa 24, na saa moja jioni yetu ni 19. Anayeandika 1 kwa mazoea atawaamsha watu saa saba za usiku. Majira nayo yawekwe `Africa/Dar_es_Salaam`, la sivyo jedwali lililofunguliwa kwa majira ya nchi nyingine litatuma saa isiyokusudiwa. Jioni ni bora kuliko asubuhi kwa kikundi cha wafanyabiashara wadogo, maana fedha ya siku imeshahesabiwa na bado haijatumika. Kikundi cha watumishi wa mshahara kingefanya vizuri kusogeza tarehe yenyewe ya mchango ikaribie siku ya mshahara, kuliko kuacha wiki mbili zipite halafu kutegemea ujumbe. Hakuna maneno yanayoweza kurudisha fedha iliyokwisha.

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi: "Kikoba: mchango wa Oktoba sh 20,000 mwisho tarehe 5. Tuma na ya kutolea kwa namba iliyo kwenye kitabu chako tu. Ukiletewa namba mpya, usitume, mpigie katibu." Ukihesabu herufi, nafasi na nukta zote, haufiki 160, na 160 ndiyo mpaka wa ujumbe mmoja wa kawaida wa simu. Ukiuvuka unalipia mbili. Kuna mtego hapa unaowahusu Waswahili hasa. Alama moja tu isiyo katika seti ya kawaida ya herufi za simu, kama kikaragosi cha uso unaotabasamu, hushusha mpaka huo hadi herufi 70. Kile kikoma cha juu katika "ng'" kikiandikwa kwa mtindo wa kupinda, ambao simu na kompyuta nyingi huuweka zenyewe, hufanya vilevile. Kikundi chenye neno kama "kung'ara" katika jina lake kinaweza kulipia ujumbe mara tatu kila mwezi bila kujua sababu. Dawa ni kuandika kikoma kilichonyooka, au kuliacha jina la kikundi. Maneno "na ya kutolea" nayo yasiachwe. Mwanachama akituma 20,000 kavu, makato ya kutoa yanabaki kwa mhazini au yanapunguza mfuko, na watu kumi na wanane kwa miezi kumi na miwili ni upungufu ambao siku ya kugawana utatafutiwa mchawi.

Lililo zito kuliko yote katika ujumbe ule ni lile lisilokuwemo: namba ya kutumia fedha. Wengi wanaona ni busara kuiweka, ili mwanachama asihangaike kuitafuta. Fikiria hatari yake katika nchi ambayo karibu kila mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa matapeli unaosema ile hela tuma kwenye namba hii. Utapeli ule huwapata watu kwa sababu unalenga mtu aliyekuwa kweli anadaiwa fedha, akisubiri kuelekezwa. Sasa kikoba kikimzoeza mwanachama kwamba kila tarehe 2 utakuja ujumbe mfupi wenye kiasi na namba, naye alipe bila kuuliza, kimemfundisha mwaka mzima kutii ujumbe wa aina ileile ya tapeli. Siku mtu mwenye nia mbaya atakapojua tarehe yenu na kiasi chenu, na hayo ni mambo yasiyofichika katika mtaa, atatuma tarehe 2 saa kumi na mbili jioni, saa moja kabla ya mfumo, akiwa na namba yake. Ndiyo maana namba iandikwe kwenye kitabu cha mwanachama, kwa mkono, siku ya kikao, na ujumbe urudie kila mwezi kwamba namba haibadilishwi kwa simu. Kikundi kikibadili laini, kibadilishe mbele ya watu, kitabu kwa kitabu. Na mwanachama alitazame jina linalotokea kabla hajathibitisha muamala.

Asubuhi ya tarehe 5, saa moja, yaani 7 kwenye jedwali, mfumo unatuma ujumbe wa pili, na huu hauendi kwa kundi. Unakwenda kwa simu ya kila ambaye safu yake ya mwezi huu iko tupu, mmoja mmoja. Maneno yake yawe ya daftari, yasiwe ya hakimu: "Kitabu bado hakionyeshi mchango wako wa Oktoba. Kama umetuma, mjulishe mhazini namba ya muamala." Tofauti kati ya "kitabu hakionyeshi" na "hujalipa" inaweza kuonekana ni ya wapenda lugha, mpaka uipime kwa tukio. Mwanachama ametuma saa tatu usiku wa tarehe 4. Mhazini ameshalala, na ataingiza kwenye jedwali kesho mchana akitoka sokoni. Saa moja asubuhi mfumo unasoma safu tupu. Ujumbe ukimfikia mwanachama peke yake, na umesema kitabu hakionyeshi, atatuma namba ya muamala na jambo limekwisha kabla ya chai. Ujumbe uleule ukiwekwa mbele ya wenzake kumi na saba, na umesema fulani hajalipa, kikundi kimemtangaza mtu mwaminifu kuwa mdeni, na kusahihisha kwa "samahani, imeonekana" hakufuti kilichosomwa. Kwa hiyo kanuni iwekwe kwamba mhazini anafunga kitabu saa nne usiku wa tarehe 4, akiingiza kila kilichofika, kabla mfumo haujaruhusiwa kumsemesha mtu. Kosa likibaki baada ya hapo, libaki kati ya watu wawili.

Tarehe 6 asubuhi mfumo unatoa orodha ya waliobaki, nayo inakwenda kwa watu wawili, mhazini na mwenyekiti. Hapo kazi yake imekwisha mpaka tarehe 2 ya mwezi mwingine. Kwenye kundi kinaweza kubandikwa kitu kimoja tu, hesabu bila majina: michango 15 kati ya 18 imepokelewa, shilingi 300,000, lengo letu la kugawana Desemba liko palepale. Hesabu hiyo inampa kila mwanachama haki yake ya kujua mfuko umefikia wapi, na kutaja lengo ndiko kule kulikoonekana na faida katika majaribio ya benki zile tatu. Zile tiki mbele ya majina ziachwe. Mhazini achukue simu awapigie watatu waliobaki, maana hapo ndipo yatakapojulikana yale ambayo hakuna jedwali linaloyajua: huyu ana mgonjwa Muhimbili, yule mzigo wake umekwama bandarini, wa tatu ana fedha na anajivuta. Watatu hao wanahitaji majibu matatu tofauti. Wa kwanza pengine anastahili kupewa kitu kutoka mfuko wa jamii, na kikundi kilichomtaja hadharani kama mchelewaji siku hiyo kimejivunjia heshima.

Najua jibu ambalo mweka hazina yeyote mzoefu atatoa. Atasema aibu ndiyo dhamana ya kikoba. Hatuna hati ya nyumba, hatuna mahakama, kilichopo ni uso wa mtu mbele ya wenzake, na ukiondoa hilo michango itakufa. Hoja hii ina ukweli mwingi na haifai kupuuzwa. Vikundi vya kuweka na kukopa vya aina hii, vilivyoanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE na kuenea nchi nyingi za Afrika, vilijengwa juu ya uwazi huohuo. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, linafunguliwa mbele ya wote, na kila hisa inayonunuliwa huhesabiwa kwa sauti. Anayechelewa anaonekana. Lakini tazama mambo yanayoizunguka aibu ile ya kikaoni. Mhusika yuko pale, au ametuma udhuru. Anaweza kujibu papo hapo, na uso wake unaonekana. Wanaosikia ni wanachama tu, na kikao kikifungwa neno linabaki ndani ya chumba. Jina lililoandikwa kwenye kundi halina hata kimoja cha hivyo. Linasomwa na mhusika akiwa kwenye daladala, linapigwa picha ya skrini, linafika kwa shemeji, kwa mwajiri, kwa mpangaji wa jirani, na mwaka kesho bado lipo kwenye simu ya mtu aliyeshatoka kikundini. Aibu ya kikao humrudisha mtu kikundini akiwa amelipa. Ya kwenye simu mara nyingi humfanya azime simu, na asiyepokea simu ni mgumu kudaiwa kuliko aliyechelewa siku nne. Anayetaka aibu iendelee kuwa dhamana aiache kikaoni, inakofanya kazi.

Pingamizi lingine ni la njia. Watu wataniuliza kwa nini ujumbe mfupi wa kawaida ilhali sote tuko WhatsApp. Kwanza si sote. Katika kikundi cha kumi na wanane mara nyingi wapo wawili au watatu wenye kitochi, na wengine wenye simu kubwa isiyo na bando mwishoni mwa mwezi. Hao ndio wanaohitaji ukumbusho zaidi. Pili, masharti ya WhatsApp hayaruhusu akaunti ya kawaida kuendeshwa na programu zisizoidhinishwa, na zana zinazouzwa mitaani kwa kazi hiyo zinaweza kusababisha namba ifungiwe. Kama namba hiyo ni ya mhazini, kikundi kinapoteza mawasiliano siku anayohitajika kuliko zote. Telegram huruhusu roboti kuingizwa kwenye kundi bila gharama, na kwa kikundi cha vijana waliokwisha kuizoea ni njia safi. Kwa wengine, kampuni zinazouza ujumbe wa jumla hupokea agizo kutoka kwenye jedwali na kupeleka kwenye mitandao yote. Kikundi chetu cha mfano kikituma ujumbe wa kwanza kwa wote na wa pili kwa waliobaki, hakiwezi kuzidi ujumbe 36 kwa mwezi hata ikitokea hakuna aliyelipa. Katibu anaweza kuunakili ule wa tarehe 2 kwenye WhatsApp kwa mkono wake, ukawa mahali pote pawili.

Zile kufuli tatu zinatufaa pia kwa mfumo wenyewe, na hili naliona linasahaulika zaidi ya yote. Yule kijana aliyetengeneza jedwali huwa ndiye mwenye nywila, ndiye mwenye akaunti ya kampuni ya ujumbe, ndiye anayeweza kubadili maneno yanayotoka kwa jina la kikundi. Akihama au akigombana na uongozi, sanduku limeondoka na funguo zote. Pia anayeweza kubadili maneno ya ujumbe anaweza kuweka namba yake ndani. Kwa hiyo mhazini aingize malipo, katibu ahakiki, na maneno ya ujumbe yasibadilishwe bila mwenyekiti kuona, huku akaunti zikifunguliwa kwa barua pepe ya kikundi badala ya ya mtu binafsi. Jedwali la mtandaoni huweka kumbukumbu ya nani alibadili nini na lini, na kumbukumbu hiyo isomwe kikaoni kama inavyosomwa taarifa ya mfuko. Orodha ya majina na namba za simu inayopelekwa kwa kampuni ya ujumbe ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Idhini ya kila mwanachama iandikwe kwenye muhtasari na kutiwa saini. Kiasi cha madeni ya mtu hakina sababu yoyote ya kutoka nje ya jedwali kwenda kwa kampuni hiyo.

Halafu ipo siku mfumo utakaposhindwa, nao hushindwa kimyakimya. Salio la ujumbe linaisha, laini ya mwanachama imebadilika, au tarehe kwenye jedwali imeandikwa kwa mtindo wa kuanza na mwezi badala ya siku. Hakuna kengele inayolia. Ukimya unafanana na utulivu. Njia rahisi ya kugundua mengi ya hayo ni kuweka namba ya mwenyekiti mwishoni kabisa mwa orodha ya wapokeaji. Ikifika saa mbili usiku wa tarehe 2 hajapata kitu, ajue kuna waliokosa, na katibu aandike kwa mkono usiku huohuo. Litazuka na suala la faini, kwa kuwa mtu aliyezoea kukumbushwa atajitetea kwamba hakukumbushwa. Msimamo wangu ni kwamba katiba ya kikundi iseme mapema kuwa tarehe inamfunga mwanachama, ujumbe uje usije. Lakini mwezi ambao ujumbe haukumfikia mtu yeyote, faini isitozwe, kwa sababu kikundi chenyewe ndicho kilichowazoesha watu kuutegemea.

Kutegemea huko ndiko kunakonifanya niwaombe wanachama wasivitupe vitabu vyao. Kibera, Nairobi, watafiti akiwemo Dan Ariely waliwafuatilia wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi kwa miezi sita kuona nini kitawasaidia kuweka akiba. Wengine walipelekewa ujumbe wa simu wa kukumbusha, wengine waliongezewa fedha juu ya walichoweka, na wengine walipewa sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba za wiki, wakwaruze namba ya kila wiki kuonyesha kama wameweka au la. Ile sarafu ilishinda. Waliokuwa nayo waliweka akiba karibu mara mbili ya wale waliopata ujumbe peke yake. Kitu kilichoko nyumbani, kinachoshikika, chenye alama ya kila wiki, kilizungumza kuliko simu. Kikoba tayari kina kitu hicho, nacho ni kitabu cha mwanachama chenye mihuri ya hisa. Kikundi kitakachosema sasa kila kitu kiko kwenye simu, vitabu vya nini, kitakuwa kimeondoa kifaa chake chenye nguvu na kubaki na dhaifu.

Kwa hiyo, wanachama, kijana wenu akileta mfumo wake kikaoni, mshukuruni, kisha kabla hajaonyesha skrini yoyote pigeni kura juu ya mambo mawili na kuyaandika kwenye katiba: kwamba namba ya kutumia fedha haitapita kamwe kwenye ujumbe, na kwamba jina la aliyechelewa halitaandikwa kwenye kundi, na mtu wala na mashine. Akikubali kuujenga mfumo ndani ya mipaka hiyo, mpeni salio la ujumbe aanze tarehe 2 ijayo.